Matairi Yasiyolingana kwenye Gari Linalosukumwa na Magurudumu Manne: Maswali na Majibu

Tairi moja la mbele la Subaru Forester yangu limepasuka, na mengine matatu yamefika nusu ya maisha yake. Muuzaji ananiambia ninunue manne. Je, si anataka tu kuuza? (Msomaji, Arusha)

Katika jambo hili muuzaji wako amesema kweli, na hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Tuchukue tairi la saizi 215/60R16, ambalo likiwa jipya lina kashata zenye kina cha takriban milimita 8, na tuseme matatu yako yamebakiwa na milimita 4. Tairi jipya lina mzunguko wa karibu milimita 2,087, na lile lililolika milimita 2,062. Tofauti ya milimita 25 haionekani kwa macho, lakini maana yake ni kwamba katika kila kilomita tairi jipya huzunguka mara 479 na la zamani mara 485. Katika safari ya kilomita 600 hizo ni zaidi ya tofauti 3,400, na zote lazima zimezwe mahali fulani ndani ya gari.

Zinamezwa sehemu mbili. Kwanza ni difu ya mbele, ambayo vigia vyake vidogo vya ndani hubaki vikisagana muda wote gari linapokwenda moja kwa moja, ilhali kwa kawaida hutulia na kufanya kazi kwenye kona tu. Pili ni kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kwa sababu mwendo wa ekseli ni wastani wa magurudumu yake mawili, hivyo nusu ya tofauti ile hufika hapo, ikiwa imezidishwa mara nne na ushee na gia za difu.

Kiungo hicho ndicho chenye gharama. Kwenye Forester nyingi za otomatiki ni rundo la mabamba ya klachi yaliyo mkiani mwa giaboksi, yanayooga katika mafuta yaleyale ya giaboksi. Kwenye zile za gia za mkono ni kifaa kilichofungwa, chenye mafuta mazito ya silikoni, kilichounganishwa na difu ya kati. Vyote viwili vilitengenezwa kuvumilia tofauti za muda mfupi, kama vile kukata kona au gurudumu kuteleza kwenye tope kwa sekunde chache. Matairi yasiyolingana huleta tofauti isiyokoma kuanzia unapowasha gari hadi unapolizima. Mabamba husuguana yakiwa yamebanwa, joto hupanda, mafuta hubadilika rangi, na vumbi la klachi husambaa kwenye giaboksi nzima. Silikoni nayo, ikichemka mara kwa mara, huharibika, na kifaa hicho huishia kushika moja kwa moja au kutoshika kabisa.

Subaru hutaka mizunguko ya matairi manne isipishane kwa zaidi ya takriban milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya kina cha kashata ya milimita 1 hivi. Watengenezaji wengine huruhusu zaidi, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho kiamuzi. Ikiwa huna uwezo wa kununua manne, tafuta tairi moja lililotumika la chapa na muundo uleule, lenye kashata za milimita 4. Binafsi naona hilo ni bora kuliko jipya moja, mradi tarehe ya kutengenezwa na hali ya mbavu zake zikaguliwe kwanza.

Fundi wangu anasema nifunge mawili mapya mbele na ya zamani nyuma. Jirani anasema niweke jipya moja mbele na jingine nyuma. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna aliye sahihi, ingawa makosa yao hayafanani. Ukiweka mapya mawili kwenye ekseli moja, difu ya ekseli hiyo hupumzika kwa kuwa magurudumu yake yanalingana, lakini tofauti yote hutua kwenye kiungo cha kati. Kwa mfano wetu wa hapo juu, ni mara sita kwa kila kilomita badala ya mara tatu, kwa hiyo mzigo wa klachi umeongezeka maradufu. Yakiwa mapya nyuma hali haibadiliki, kwani ya mbele yaliyolika yatazunguka kwa kasi zaidi, na kompyuta inaweza kuona kana kwamba magurudumu ya mbele yanateleza na kuzidi kubana klachi.

Ushauri wa jirani una mantiki ya hesabu: wastani wa mbele na wa nyuma hulingana, na kiungo cha kati hunusurika. Hata hivyo difu za mbele na nyuma zote mbili husagana bila kupumzika, na kama difu yako ya nyuma ni ya aina inayozuia gurudumu moja kuteleza, hiyo ndiyo itakayoungua. Aidha, gari linaweza kuvuta upande mmoja unapofunga breki, hasa barabara ikiwa imelowa.

Nitajuaje kwamba madhara yameshaanza? (Msomaji, Morogoro)

Endesha gari kwa nusu saa ili mafuta yapate moto, kisha nenda kwenye uwanja mpana wa lami au saruji, kata usukani hadi mwisho na uende polepole bila kukanyaga mafuta. Gari zima huviringika kwa ulaini. Lililoathirika hushtukashtuka, hujihisi kama lenye breki iliyoshika, na wakati mwingine matairi hulia. Chomoa pia kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni dalili mbaya.

Forester nyingi za zamani zenye otomatiki ya gia nne zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa `FWD` chini ya boneti. Ukichomeka fyuzi hapo, gari hubaki likivutwa na magurudumu ya mbele pekee. Kama mshtuko unatoweka, mabamba bado yanaachiana, na ni busara kusahihisha matairi kwanza kabla ya kufungua giaboksi. Kama unabaki, ama mabamba yamegandana ama vali ya umeme inayoyaachia imekufa, na hapo matairi mapya peke yake hayatatosha.

Je, naweza kusafiri na tairi la akiba lile dogo? (Msomaji, Kampala)

Litumie kufika kwa fundi wa pancha tu, kwa mwendo wa taratibu, na gari lako likiwa na fyuzi niliyoitaja, ichomeke kwanza. Usisahau kuichomoa baadaye.

Hilux yangu ina mkono wa kuunganisha fowili. Haya yote yananihusu? (Msomaji, Dodoma)

Ukiwa umeachia fowili, ekseli ya mbele haisukumwi, hivyo tofauti kati ya mbele na nyuma haidhuru giaboksi. Ukiunganisha, mbele na nyuma hufungwa pamoja bila difu ya kati. Kwenye matope magurudumu hupata nafasi ya kuteleza, lakini kwenye lami nguvu hujikusanya katika propela na gia, na matairi yasiyolingana huizidisha hata kwenye barabara iliyonyooka.

Matairi yangu manne yana saizi ileile ubavuni lakini chapa mbili tofauti. Kuna shida? (Msomaji, Mombasa)

Inawezekana, kwa sababu matairi mawili yenye namba ileile hayana lazima ya kuwa na kimo kilekile. Jaza upepo sawa katika yote, zungusha utepe wa fundi cherehani katikati ya kila tairi, na uandike vipimo vinne. Kama kirefu na kifupi vinapishana kwa zaidi ya milimita 6 kwenye Subaru, tafuta yanayofanana. Yakishalingana, yabadilishe nafasi mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi, kwa kuwa ya mbele kwa kawaida huisha haraka zaidi.