Kabla ya kununua kochi la mtindo, liulize fremu yake

Sebule za Dar zilipogeuka kijivu, nami sikubaki nyuma. Nilinunua makochi ya ngozi ya bandia, rangi ya majivu, miguu ya dhahabu. Mwaka wa tatu yakaanza kubabuka, kwanza pale kichwa kinapoegemea, kisha mikononi. Wageni walikuwa wanaondoka na magamba mgongoni. Ngozi ile ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki, na joto, jasho na unyevu wa pwani hulichosha tabaka hilo mpaka likaachia. Likishaanza, hakuna mafuta ya kulizuia. Nilijaribu.

Nikaita fundi ayavishe upya. Alipofungua chini akacheka. "Dada, hapa utavisha nini?" Ndani mlikuwa na mbao laini na vipande vya chipubodi vilivyoshikizwa kwa pini. Kitambaa kipya kingegharimu zaidi ya kilichokuwa chini yake.

Safari iliyofuata nilikwenda Keko, nikaagiza makochi ya mninga kwa bei karibu mara mbili ya yale ya kwanza. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, nami nikataka kuiona fremu kabla haijavishwa. Mninga ukikauka vizuri haupindi ovyo, na sehemu yake ya kahawia haishambuliwi kirahisi na mchwa. Ile nyeupe ya pembeni ndiyo yenye matatizo: wadudu huitoboa, na asubuhi unakuta unga laini sakafuni. Nikakataa vipande viwili vyenye weupe. Maungio nayo nilitaka yawe ya ulimi na tundu, yenye gundi, si misumari peke yake. Ukishika kochi kona moja ukalinyanyua, lisilie wala lisijipinde.

Sponji ndiyo wengi tunapopigwa, kwa sababu dukani zote zinabonyea vizuri. Mimi nilibeba mzani wa jikoni. Mto wa sentimita 60 kwa 60, unene 10, ukiwa na sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, unapaswa kuwa na uzito wa kilo moja na kidogo. Wa kwanza nilioletewa ulikuwa gramu 650 hivi, yaani kama kilo 18 kwa mita ya ujazo. Sponji ya namna hiyo hulala mapema, ukabaki unakalia mbao. Nikaurudisha. Fundi alinuna, lakini akabadilisha.

Mitindo sijaiacha, naipenda mno. Nimeihamishia kwenye foronya zenye zipu, mapazia na ukuta mmoja wa rangi, vitu ambavyo nikivichoka sijutii sana. Vile vibao vya mistari nyuma ya runinga sikuviweka, kwa kuwa hubandikwa kwa gundi na kuvitoa ni kubomoa plasta. Foronya za kijani cha zeituni zimeshanichosha. Jumamosi nampelekea fundi cherehani kitambaa kingine, na makochi yatabaki palepale.