Kwa mnaoanza kazi ya mitaro: anzeni na mdomo wa kalavati

Vijana wote wanaokuja kwenye kikosi cha usafi wa mtaa nawauliza swali moja kabla sijawapa chepe. Mvua imepiga, barabara imejaa maji, nenda kasimame kwenye kalavati uniambie, upande wa juu maji yamefika wapi na upande wa chini yamefika wapi? Wengi wanashangaa, wanasema si yamejaa tu. Hapana, angalia vizuri. Kama upande wa juu yanamwagika barabarani halafu upande wa chini mtaro una maji kidogo yanakimbia zake, basi kuna kitu kimeziba ndani ya kalavati au hapo mdomoni, na hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini kama pande zote mbili maji yako levo moja na yametulia, ujue kinachozuia kiko huko chini zaidi, na kama ni mto umejaa na unarudisha maji, hapo hata mchimbe mpaka asubuhi hamna mtakachopunguza. Watu wa mabondeni kando ya Msimbazi wanalijua hili, na pale Jangwani barabara ya Morogoro inafungwa kwa sababu ya mto wenyewe na mchanga uliojaa mtoni, usije ukamwahidi mtu kwamba ukisafisha mtaro wa mtaa wako Jangwani itapona.

Sasa tuongee hiyo ya kwanza maana ndiyo iliyojaa mitaani kwetu, Tandale, Manzese, Mwananyamala, Buguruni, kote kwenye mitaro midogo inayopita chini ya barabara za mtaa.

Watu wanafikiri kinachoziba ni takataka peke yake. Ukweli ni taka na mchanga vinafanya kazi pamoja. Dar ni mchanga mtupu na barabara nyingi za ndani hazina lami, mvua ikipiga mchanga wote unaingia mtaroni, na kama maji yana spidi mchanga unapita zake unaenda. Shida inaanza pale kitu kimoja kinaponasa mdomoni, inaweza kuwa kipande cha mti, tairi, godoro bovu, au nondo iliyotokeza kwenye zege, basi nguo na pampasi zinanasa juu yake, maji yanapunguza spidi, na maji yakipunguza spidi mchanga unatua chini. Mvua tatu nne za namna hiyo na kalavati limejaa nusu, na hapo ukiangalia kwa juu unaona maji yanapita vizuri tu unasema ah hili bado zima.

Angalia pia aina ya taka, inakufundisha kitu. Chupa za maji hazikai sana mtaroni kwa sababu zina bei, waokota makopo wanazipitia asubuhi na mapema. Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli zimepungua. Kinachobaki ni kile kisicho na mnunuzi, pampasi, vifungashio laini vile vya karanga na mihogo, matambara, vifuu vya nazi, boksi laini za juisi. Hivyo ndivyo utakavyovitoa mdomoni kila mara.

Kwa nini nasema nusu ni hatari, twende na hesabu kidogo, usiogope. Chukua kalavati la bomba la sentimita 60, yako mengi sana mitaani, limelazwa na mteremko mdogo wa mita 1 kwenye mita 500. Likiwa safi linapitisha kama lita 240 kwa sekunde. Juu yake kuna eneo la hekta 2, tuseme viwanja vitatu vya mpira, nyumba zimebanana, mabati na ardhi ngumu. Ikinyesha milimita 30 ndani ya saa moja, yanayoshuka mtaroni ni kama lita 130 kwa sekunde, kalavati safi linayameza na nafasi inabaki. Sasa weka mchanga mpaka nusu ya bomba. Mtu atasema si litapitisha nusu, yaani 120, karibu inatosha. Halipitishi hivyo, kwa sababu maji yanabaki na njia nyembamba huku yakisugua mchanga chini na zege juu, linabaki kwenye lita 85 hivi, karibu theluthi tu. Lita 45 kila sekunde zinakosa pa kwenda, na kwa nusu saa hizo ni kama simtanki 80 za lita 1000 zinaingia barabarani na kwenye vyumba vya watu. Mvua ileile, mtaro uleule, tofauti ni mchanga ambao hakuna aliyeuona.

Ndiyo maana mimi sikubali mtu aniambie kalavati ni safi kwa kuangalia mdomo. Chukua mti mrefu ulionyooka, uchomeke mpaka chini ugonge zege, halafu pima umezama kiasi gani kwenye tope. Fanya juu na fanya chini, na siku ya jua mwangaze tochi upande mmoja mwenzako achungulie upande wa pili. Kama hamuonani kwenye kalavati ambalo limenyooka basi kuna kazi. Na kuna dalili nyingine ya bure kabisa, kiangazi, wiki mbili hakuna mvua, halafu juu ya kalavati kuna dimbwi jeusi limesimama na chini yake pakavu. Hilo limeshajisema lenyewe.

Kusafisha kwenyewe, mnaanzia chini mnapanda juu. Wageni wote wanataka kuanzia pale mbele ya maduka panaponuka, wakivuruga huko juu uchafu unateremka unaenda kujaza kalavati la chini yake, na mvua ikija mtaa wa chini wanaoga. Fungua njia ya kutokea kwanza. Ndani ya bomba asiingie mtu, hata awe mwembamba vipi, tunapitisha kamba kwa mti mrefu, tunafunga dumu lililokatwa, wawili wanavuta huku wawili kule, linakwangua tope kidogo kidogo, ni kazi ya taratibu lakini inatoka. Gambuti na glavu ngumu ni lazima maana mvua ikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo humohumo mtaroni, na chini ya tope kuna vioo na sindano. Ukipata homa siku za baadaye nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafanya kazi ya mitaro, usiseme tu najisikia vibaya.

Halafu tope linaenda wapi? Hapa ndipo kazi nyingi za mitaro ya Dar zinapofia na ningependa mlishike hili kuliko mengine yote. Tuna utaratibu wa usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanajitokeza, mtaro unachimbwa, tope linarundikwa ukingoni, picha zinapigwa, kila mtu nyumbani. Gari halijapangwa. Jumanne inanyesha, nusu ya lile rundo limerudi lilikotoka, na wakazi wanasema mnaona, kusafisha hakusaidii. Kwa hiyo piga hesabu ya kubeba kabla ya hesabu ya kuchimba. Lile kalavati letu la sentimita 60 likiwa na urefu wa mita 8 na limejaa nusu, ndani yake kuna mita ya ujazo moja na ushee, na tope bichi la mchanga ni zito, inakaribia tani 2. Hiyo ni kalavati moja tu, bado mtaro wenyewe. Ni guta tripu nyingi au lori dogo, na lazima ujue linamwaga wapi na nani analipa mafuta. Kama gari ni la Jumatatu, chimba Jumapili, weka tope hatua tatu nne kutoka ukingoni lichuruzike maji usiku kucha lipungue uzito, asubuhi linabebwa. Na angalia utabiri wa TMA kabla ya kupanga siku, ukiona mvua kubwa inatajwa na huna gari, safisha mdomo tu, toa yale matambara na pampasi uyatie kwenye viroba, tope la ndani liache mpaka gari lipatikane.

Ratiba yetu ilivyokaa ni hivi. Usafi mkubwa wa mpaka ndani ya bomba unafanyika mara mbili, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Katikati ya msimu hatusafishi mtaro mzima, hamna nguvu hiyo, tunazungukia sehemu korofi tu, midomo ya kalavati, kona kali, mahali mitaro miwili inapokutana, na pale mwenye duka alipoweka mfuniko wa zege kujitengenezea njia. Kila baada ya mvua ya maana kuna mtu anapita na reki kesho yake asubuhi. Mvua ya kwanza ya msimu ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inabeba taka za kiangazi kizima, siku ile zunguka mara mbili.

Upande wa wakazi msiende na matangazo ya spika ya kukemea. Mtaa mmoja kule Mwananyamala tulikuwa tunatoa viroba vyenye taka za nyumbani, vimefungwa vizuri kabisa, kila baada ya mvua, kalavati lilelile. Mama mmoja wa genge akatuambia wazi, "Baba, gari la taka linapita likijisikia, nikikiacha nje mbwa wanakichana, nikikiweka ndani kinanuka, mvua ikija nakipa maji, mlitaka nikifanyeje?" Mwenyekiti wa mtaa akataka kuanza na faini. Tulichofanya ni kukubaliana na wenye toroli wapite siku mbili maalumu kwa wiki, asubuhi, wanapiga filimbi, mtu analipia kiroba palepale hela ndogo, na mjumbe wa kila shina anajua siku. Viroba vilipungua sana mtaroni, havikuisha, kwa sababu wapangaji wanahama na wapya hawajui, kwa hiyo kila mpangaji mpya inabidi aambiwe na mwenye nyumba. Faini ilikuja baadaye kwa wale wachache waliokuwa wanaleta taka za biashara usiku, na hapo hakuna aliyelalamika, maana mbadala upo.

Mwisho kuna yasiyo ya chepe. Kalavati lililovunjika ndani, lililolazwa juu kuliko sakafu ya mtaro, au dogo kuliko mtaro unaoingia, hilo ni la TARURA, na kama ni chini ya barabara kuu ni la TANROADS. Barua ya "tunaomba msaada mafuriko yametuzidi" inakaa kwenye faili. Pitisha kwa mtendaji wa mtaa, ambatanisha picha mbili zilizopigwa mvua ikinyesha, moja juu moja chini ya kalavati, andika kipenyo cha bomba, kina cha tope siku mliyosafisha na tarehe, halafu picha ya mvua iliyofuata ikionyesha maji yanafurika ingawa kalavati ni safi. Hiyo picha ya mwisho ndiyo inayomtoa injinia ofisini, maana hawezi tena kuwajibu kwamba zibueni kwanza.