Diski ya grainda imepasuka, hakuna aliyeumia: niandike ripoti?

Swali: Niko atachimenti kwenye karakana ya vyuma Nairobi. Juzi diski ya grainda ilipasuka, kipande kikanipiga kwenye miwani. Sikuumia. Fundi ninayefanya naye kazi anasema pasipo damu hakuna ajali, nisisumbue ofisi. Niandike au niache? – Mwanafunzi wa mitambo

Jibu: Andika, mdogo wangu, na leo hii. Kupasuka kwa jiwe la kunolea linalozungushwa na mtambo kumo kwenye orodha ya matukio ya hatari ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007. Mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa usalama wa eneo lenu. Sheria hiyohiyo inakutaka wewe umweleze msimamizi wako hatari usiyoweza kuiondoa mwenyewe.

Kabla ya kuandika, chomoa plagi na uombe vipande visifagiliwe. Tafuta kipande chenye maandishi, usome kasi ya juu ya diski, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye kibati cha mashine. Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni hiki: diski ya inchi 4½ imekwisha stoo, fundi anafungua kava la grainda ndogo na kufunga ya inchi 7. Diski hiyo kwa kawaida imeandikwa mizunguko takriban 8,500 kwa dakika, na grainda ndogo huenda 11,000. Ukingo wake uliotengenezwa kuhimili mita 80 kwa sekunde unakimbia zaidi ya mita 100, bila kava la kuzuia vipande. Kama kasi zinalingana, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma katikati. Diski iliyopitwa na wakati au iliyolala kwenye unyevu hudhoofika.

Sasa ripoti. Taja saa, mahali, ulichokuwa unakata, ukubwa wa diski, kasi zote mbili, kama kava lilikuwepo, na kipande kilipokupiga. Usiandike “uzembe wa fundi”, maana hilo ni hukumu. Kama kava halikuwepo, andika “kava halikuwepo”, kwa kuwa hilo uliliona. Mpe msimamizi nakala, yako ipige picha, na mjulishe mwalimu anayekusimamia kutoka chuoni.

Miwani hiyo irudishe stoo hata kama haina ufa unaoonekana. Iliyokwisha kupigwa haiaminiki tena. Mpya ni juu ya mwajiri, wala usikubali kukatwa pesa. Omba na ngao ya uso, uivae juu ya miwani, kwa sababu miwani imelinda macho tu, shavu na koo vilikuwa wazi.

Kama siku ya kwanza ulionyeshwa geti na choo tu, mwombe msimamizi akupe maelezo ya usalama ya mashine hiyo: nani anaruhusiwa kubadilisha diski, na kitufe cha kuzima umeme kiko wapi. Kama kava halipo, usiishike grainda hiyo mpaka lirudi. Sheria haimruhusu mwajiri kukurudisha kwenye hatari kubwa uliyoiripoti kabla hajaiondoa.