Mkufu wa pete 23 na mpangaji anayelipwa kila jioni

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ameleta swali kutoka klabu ya hesabu. Mwenye nyumba ana mpangaji ambaye ni fundi rangi, na amempa kazi ya kupaka nyumba kwa siku 23. Hana fedha taslimu, ana mkufu wa dhahabu wa pete 23, na kila jioni mpangaji lazima awe na pete moja zaidi ya jana. Akate pete chache iwezekanavyo. Mimi nilitumia bainari: 1, 2, 4, 8 na 8 iliyobaki, nikakata mara nne. Jibu walilopewa ni mara mbili! Nimekosea wapi, na hiyo bainari imeenda wapi? (Mama wa Majengo, Moshi)

Jibu: Marahaba, mama. Ulichokata wewe ni muwa. Muwa ukiuwekea panga kwenye kifundo, kila pigo linaongeza kipande kimoja tu, kwa hiyo mapigo manne yanakupa vipande vitano, na hesabu yako ingekuwa sawa kabisa. Mkufu haukatwi hivyo. Pete zake zimeshikana moja ndani ya nyingine, hakuna pa kupitisha kisu katikati. Ukitaka kuutenganisha ni lazima uikate pete yenyewe.

Niliwahi kukaa dukani kwa sonara mmoja Arusha nikimwangalia akifupisha mkufu. Aliibana pete kwa koleo dogo, akapitisha msumeno mwembamba kama uzi, kisha akaipanua kidogo ikawa kama herufi C na kuichomoa. Mezani pakawa na vitu vitatu: mkufu wa kushoto, mkufu wa kulia, na ile pete peke yake. Mkato mmoja, vipande vitatu. Hapo ndipo hesabu yako na ya kitabu zilipoachana.

Anza na mkufu mdogo wa pete 7, utaona bainari yako ikiwa bado hai. Kata pete ya tatu. Unapata pete moja pekee, kipande cha pete 2 upande huu, na kipande cha pete 4 upande ule. Jioni ya kwanza mpangaji anapewa ile pete moja. Ya pili anapewa kipande cha 2, naye anarudisha ile moja. Ya tatu anaongezewa ile moja tena. Ya nne anapewa kipande cha 4 na kurudisha vyote alivyokuwa navyo. Siku tatu zilizobaki zinarudia mchezo wa siku tatu za mwanzo, ila sasa kipande cha 4 kimelala chumbani kwake hakiguswi.

Kila kipande kina sehemu mbili tu za kulala: kwa mwenye nyumba au kwa mpangaji. Andika 0 kikiwa kwa mwenye nyumba na 1 kikiwa kwa mpangaji, ukianza na kipande kikubwa. Siku ya tano mpangaji ana 4 na 1, hana 2, kwa hiyo unaandika 101, na hiyo ndiyo tano kwa bainari. Hata ukiwa na sarafu moja ya shilingi 50, moja ya 100 na moja ya 200 unafanya jambo hilihili bila kujua: unaweza kulipa 50, 100, 150, hadi 350 pasipo kuruka hata hatua moja, na ukizihesabu hatua hizo ni saba.

Sasa mkufu wa 23. Ukikata pete mbili zilizo mbalimbali unapata vipande vitano: pete mbili zilizochomolewa na vipande vitatu virefu. Mtu wa bainari atasema haraka kwamba vipande vitano vina mipangilio 32, yaani 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, basi tungeweza kufika siku 31. Hapana. Zile pete mbili zinafanana. Mpangaji akiwa na hii au akiwa na ile, malipo ni yaleyale. Kwa pamoja zinatoa hali tatu tu: hana hata moja, ana moja, ana zote mbili. Kwa hiyo mipangilio yenye malipo tofauti haiwezi kuzidi 3 mara 2 mara 2 mara 2, ambayo ni 24. Toa ule mmoja wa kutokuwa na kitu, unabaki na 23.

Mimi hapo huwa natabasamu. Aliyetunga swali hakuokota 23 njiani. Ndiyo namba kubwa kabisa ambayo mikato miwili inaweza kuibeba. Na hapohapo tumeshathibitisha kwamba mkato mmoja hautoshi, kwa sababu mmoja unatoa 2 mara 2 mara 2, yaani 8, na ukitoa ule wa patupu ni siku 7 tu.

Urefu wa vile vipande vitatu unajitokeza wenyewe. Pete mbili za pekee zinalipa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya kwanza zinayoshindwa ni ya 3, basi kipande kifupi kiwe cha 3. Pamoja na zile mbili, mnafika 5. Siku ya 6 mnakwama tena, basi kinachofuata ni cha 6, nanyi mnafika 11. Cha mwisho kiwe cha 12, na 11 na 12 ni 23. Mkufu ukiwa umenyooshwa mezani, hesabu pete tatu na ukate ya nne. Hesabu sita nyingine, yaani ya 5 hadi ya 10, na ukate ya 11. Zinazobaki ni 12 barabara.

Kwa hiyo bainari yako haikwenda popote. Imepandishwa ghorofa moja tu. Chini kuna tarakimu inayohesabu 0, 1, 2, na juu yake kila kitu kinaongezeka maradufu: 3, 6, 12. Ukitaka kujua siku ya 17 mpangaji anapaswa kuwa na nini, gawanya 17 kwa 3. Unapata 5 na baki 2. Ile baki ndiyo idadi ya pete za pekee: zote mbili. Ile 5 iandike kwa bainari, 101, uisome juu ya 12, 6 na 3: ana cha 12, hana cha 6, ana cha 3. Jumlisha 12, 3 na 2, ni 17.

Na ile mikato yako minne? Ungeifanya kwenye mkufu, kila mkato ukiwa mahali pake, ungepata pete nne za pekee na vipande vitano virefu. Hali tano za pete mara 32 za vipande ni 160, toa moja. Ungemlipa fundi siku 159, nyumba ipakwe rangi pamoja na ya jirani! Kanuni yenyewe, kwa mikato k, ni (k + 1) × 2^(k + 1) − 1. Weka 1 upate 7, weka 2 upate 23, weka 3 upate 63. Mkufu wa pete 24 tayari unataka mkato wa tatu, kwa ajili ya pete moja tu iliyozidi.

Kosa ninaloliona sana kwenye madaftari ni kukata mahali penye kupendeza macho badala ya mahali pa hesabu. Mwanafunzi mmoja alikata ya 4 na ya 12. Akapata 3, 7 na 11 pamoja na pete mbili, jumla ni 23, akaridhika. Jumla haitoshi. Vipange kuanzia kidogo, na kabla ya kupokea kipande kinachofuata uliza: je, kinazidi jumla ya vilivyotangulia kwa zaidi ya moja? Kwake 1, 1 na 3 ni 5, halafu kinakuja cha 7. Siku ya 6 haina malipo: ama fundi apunjwe pete moja, ama azidishiwe. Kwenye mpango wa 1, 1, 3, 6, 12 kila kipande kirefu kinazidi jumla ya vilivyotangulia kwa moja kamili, hakuna pa kulegea.

Watu wengi hupita juu ya neno “mpangaji” kama pambo la hadithi, lakini ndilo linaloshikilia kila kitu. Angekuwa kibarua anayeondoka jioni kurudi kwake, akauza pete ya kwanza kwa sonara ili apate unga na mafuta, mpango wote unakufa siku ya tatu, kwa sababu siku hiyo mwenye nyumba anatoa kipande cha 3 na anahitaji zile pete mbili zirudi. Mpangaji analala humohumo, chenji iko chumbani kwake. Siku ngumu kuliko zote ni ya 12. Jioni hiyo anatakiwa alete kila alichonacho, 1 na 1 na 3 na 6, na apewe kipande kimoja cha 12. Ikiwa amepoteza hata pete moja chini ya kitanda, itajulikana siku hiyo, kama haijajulikana mapema.

Sharti jingine ni kwamba mkufu uwe wazi, wenye ncha mbili. Ukiwa na kishikizo, kifungue tu. Ukiwa umeunganishwa duara bila kishikizo, mkato wa kwanza unakwenda kwenye kuufungua na unakupa vipande viwili, si vitatu. Hapo mikato miwili inafika siku 11 tu, na pete 23 zinataka mikato mitatu: pete tatu za pekee, na vipande vya 4, 8 na 8. Ile 8 yako ya mwisho, kumbe, inayo kazi huku.

Msianze na dhahabu, mama. Nunueni klipu za karatasi, shikanisheni 23 ziwe mkufu. Klipu ukiichomoa katikati inafanya kama pete ya sonara: inabaki peke yake, na pande mbili zinaachana. Binti achomoe ya 4 na ya 11, wewe uwe mpangaji, na mlipane hadi ya 23 kila mmoja akiandika vipande alivyo navyo. Mkifika ya 12, dai cha 12 huku umeficha klipu moja mfukoni, uone kama atakumbuka kuhesabu kabla ya kukupa.