Amana kwa Till, salio kwa benki: ninavyopokea malipo ya shughuli

Msomaji mmoja aliyeanza kuuza keki nyumbani ameniuliza apokee malipo kwa njia gani: M-Pesa, benki au taslimu. Anataka kujua ipi ina makato madogo. Mimi napika shughuli hapa Mombasa, harusi na maulidi na matanga, na swali hilo nalijibu kila nikikutana na wapishi wapya. Dada, makato yaangalie, lakini yaangalie ya pili. La kwanza ni hili: pesa hiyo inaweza kurudi kwa mwenyewe baada ya chakula kuliwa?

Tuyamalize makato kwanza, maana hayana mambo mengi. Chukua oda ya shilingi 60,000, kwa viwango vya M-Pesa vya 2023. Mteja akituma kwa laini yako ya kawaida, yeye anakatwa 108, na wewe ukienda kuzitoa zote kwa wakala unakatwa 309. Akilipa kwa Till, yeye hakatwi kitu. Wewe unakatwa asilimia 0.55, ambayo kwa hesabu ingekuwa 330, ila makato hayo yana kikomo cha 200. Ukizitoa kwenye Till kuna ada yake, kutegemea unakozipeleka. Kwa keki ya 300, Till inakukata shilingi moja na senti kadhaa, na malipo yasiyozidi 200 hayakatwi kabisa. Kwa PesaLink, kutoka benki hadi benki, ada hulipwa na anayetuma na kila benki ina kiwango chake. Taslimu haina makato. Tofauti zote hizo, kwenye oda ya 60,000, hazifiki bei ya kilo moja ya nyama.

Sasa hili la pesa kurudi.

Kulikuwa na mteja aliyeniagiza biriani ya akdi. Alituma amana kwenye laini yangu ya kawaida, ujumbe ukaja, nami nikaenda Kongowea kununua mchele na vitunguu kwa pesa yangu ya mkononi nikijua ile ya simu ipo. Kabla ya magharibi nikapata habari kwamba pesa ile imezuiwa, kwa sababu aliyetuma amedai aliituma kwa makosa. Ukituma pesa M-Pesa unaweza kusambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 na kuomba irudishwe. Huduma hiyo ni nzuri, imeokoa watu wengi waliokosea nambari. Zikiwa bado zimo kwenye salio la aliyepokea, huzuiwa kwanza huku dai likiangaliwa. Mteja wangu hakuwa amekosea nambari. Alikuwa amepata mpishi wa bei nafuu zaidi, na hakuona haya kunitazama machoni tulipokutana msikitini wiki ile. Mpaka leo likinijia moyoni naumia.

Ndiyo maana wapishi wanaoanza nawaambia wafungue angalau Pochi la Biashara. Inafunguliwa kwenye laini yako hiyohiyo, haihitaji cheti cha biashara, na mteja hawezi kurudisha malipo peke yake bila idhini yako. Hasara yake ni kwamba mteja anakatwa kama anayemtumia mtu pesa. Oda zikikua, chukua Till.

Wengi hukimbilia benki wakidhani huko hakuna hila. Benki ni salama ukijua unachokitazama. Mtu alinipigia akitaka chakula cha wageni, bei tukakubaliana 85,000. Siku ya pili akanitumia picha ya stakabadhi ya benki: ameweka 145,000 kwenye akaunti yangu. Akasema hizo 60,000 za juu ni za mtu wa mahema, nimsaidie kumtumia kwa M-Pesa kwa kuwa yeye yuko safarini. Nilifungua akaunti, na kweli pesa zilionekana. Lakini akaunti ina salio la aina mbili: lililoandikwa na linaloweza kutolewa. Lililoandikwa lilikuwa limepanda, linaloweza kutolewa lilikuwa palepale. Maana yake kilichowekwa ni hundi, na hundi hupita kwenye mfumo wa kubadilishana wa benki na kwa kawaida hukamilika siku ya kazi inayofuata. Nikamjibu kwa adabu kwamba mtu wa mahema atangoja. Alipiga simu mara nyingi jioni ile, mara akiomba, mara akitisha. Kesho yake hundi ikarudi, haikuwa na pesa nyuma yake. Ningetuma zile 60,000, zingekuwa zangu halali, na nisingezipata tena.

Ninajivunia jioni ile. Basi nisikilizeni, ndugu zangu: mteja anayekulipa zaidi na kukuomba umpelekee mtu mwingine ziada, usimpikie hata chai. Na picha ya simu haiwi malipo. Ujumbe wa M-Pesa ukija, usisome ujumbe peke yake; tazama umetoka kwa MPESA au kwa nambari ya mtu, kisha angalia salio lako lenyewe kwenye programu au kwa *334#.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Amana, ambayo ni nusu ya bei, inaingia kwa Till siku ya kukubaliana. Nusu ya pili ikiwa kubwa inakuja kwa PesaLink, ambayo hufika papo hapo saa yoyote na hupitisha hadi shilingi 999,999 kwa mara moja, nayo iwe imefika kabla sijawasha moto. Hundi siipokei ikiwa shughuli iko ndani ya juma hilo. Taslimu naichukua kwa vitu vidogo tu, kama sahani za ziada, na noti naishika kwenye mwanga kutafuta kichwa cha simba, hata kama foleni ni ndefu na bibi harusi anangoja.

Taslimu pia ndiyo inayoharibu hesabu, kwa sababu hailetwi na jina wala saa. Lakini hata Till ina upungufu wake. Mteja akilipa Till hana pahali pa kuandika ni oda gani, na harusi zetu hulipwa na ukoo mzima: mjomba analeta 20,000, shangazi 15,000, majina ambayo hujawahi kuyasikia. Ninamwomba kila anayelipa anitumie ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, nami naiandika daftarini kando ya jina la oda. Paybill ina sehemu ya kuandika akaunti, kwa hiyo mwenye oda nyingi kila siku itamfaa zaidi.

Na msichanganye laini. Dada yangu aliye Maskati hunitumia pesa za dawa za mama, na hizo zinaingia kwenye laini ya nyumbani. Mauzo yako yakipita milioni moja kwa mwaka na hayajazidi milioni 25, kodi ya mauzo ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, si ya faida, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Dawa za mama zikikaa pamoja na pesa za pilau, itabidi uthibitishe mstari kwa mstari kipi hukukiuza. Mimi tarehe mosi napakua taarifa ya Till na ya benki, naweka tiki kwenye daftari, na mstari usio na tiki naupigia simu siku hiyohiyo, wakati mjomba bado anakumbuka alilipia nini.