Kuruka juu: usinyooke kabla mguu haujakanyaga

Mrukaji wa mtindo wa mgongo anayeangusha ufito kwa makalio mara nyingi huambiwa aongeze nguvu ya miguu. Tazama kwanza hatua zake mbili za mwisho. Wengi hukimbia kona ya kukaribia ufito vizuri, mwili ukilalia ndani ya kona, halafu wakiuona ufito karibu wananyooka na kuulalia kwa bega. Wanaruka kwenda mbele badala ya juu.

Ulalo unafanya kazi hivi. Mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 8 hulalia ndani kwa takriban nyuzi 25. Kama kiuno chake kiko mita 1 kutoka chini, ulalo huo pekee unakishusha kama sentimita 9, bila kukunja magoti na bila kupoteza kasi. Mguu wa mwisho unatangulia mbele ya mwili na kukaza. Kasi inagonga mguu huo na kupanda juu, huku mwili ukitoka kwenye ulalo kuja wima. Kiuno kinapata njia ndefu zaidi ya kupandia, na mzunguko huohuo wa kunyooka ndio unaoupeleka mgongo juu ya ufito. Aliyenyooka mapema hana tena cha kunyoosha.

Kwa anayerukia mguu wa kushoto, akitokea kulia, pima hivi. Weka alama ya kurukia sentimita 80 kutoka kwenye ufito, mita 1 hivi ndani ya nguzo ya kulia. Ukiutazama ufito, rudi nyuma mita 6.5 kutoka kwenye alama, kisha nenda kushoto mita 4.6: hapo chomeka kijiti, funga kamba ya mita 8, chora duara. Kona inaanzia mita 3.4 kulia kwa alama, mita 6.5 nyuma. Hatua nne zinakimbiwa moja kwa moja kuelekea upande wa ufito, tano kwenye kona.

Lala kuanzia kifundo cha mguu. Anayekunja kiuno anapeleka bega tu ndani, nyonga zinabaki nje.

Maji yakitoka pale Koko Bichi, ufukweni Dar es Salaam, mchanga ulioloa ni mwalimu mzuri. Chora duara, kimbia, ruka wima na utue kwa miguu. Mtindo wa mgongo haufanywi bila godoro nene. Rudi ukague nyayo. Penye ulalo, mchanga umesukumwa ukatuna upande wa unyayo unaotazama nje ya duara. Kama unyayo wa mwisho hauna tuta hilo, ulinyooka mapema.

Kwenye nyasi zilizoloa wakati wa masika, punguza kasi na utanue nusu kipenyo cha duara hadi mita 10. Kwa nyuzi 25 mguu unaisukuma ardhi kwenda nje kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wako, na kiatu bila njumu kitateleza.