Mjomba, nikianza akiba nikiwa na miaka 30 nikaweka mara mbili, si nitafidia?

*Shikamoo mjomba. Nina miaka 20, natengeneza simu hapa Mwanza, na kila mwezi nikishalipa chumba na kula nabakiwa na kama elfu hamsini. Mama ananisumbua niweke akiba. Mimi naona elfu hamsini ni pesa ya kuchezea tu. Nikifika 30 nitakuwa na duka langu, nitaweka laki moja kila mwezi, mara mbili ya hii, na nitafidia yote niliyoyakosa. Nani yuko sahihi, mimi au mama? Nijibu kwa namba, mjomba, methali mama keshanimalizia. – Mpwa wako, Mwanza*

Marahaba mjomba wangu. Ungenipigia simu ningekueleza kwa dakika kumi, lakini umeamua kupitia kwenye safu, basi na wenzako wasome.

Nimechukua daftari na kikokotoo. Kwanza tukubaliane kanuni za mchezo: pesa inawekwa mahali inapopata asilimia 10 kwa mwaka, faida haitolewi, na hesabu inafungwa siku unapotimiza miaka 60. Ili tusichoshane, nimehesabu kana kwamba elfu hamsini zako za mwezi zinaingia zote pamoja mwisho wa mwaka, yaani 600,000. Ukiziingiza mwezi kwa mwezi utapata zaidi kidogo, na mshindi habadiliki.

Mwaka wa kwanza una 600,000, basi. Mwaka wa pili zile zimezaa 60,000, umeongeza 600,000 nyingine, una 1,260,000. Mwaka wa tatu 1,986,000. Hapa ndipo vijana wengi wanapochoka, kwa sababu miaka mitatu yote faida iliyoingia ni 186,000, na hiyo ukiipeleka sokoni hununui hata simu ya maana. Lakini vumilia uone mwaka wa tisa. Mwaka huo akiba yako inazaa 686,000. Wewe umeweka 600,000. Kwa mara ya kwanza pesa imekushinda kwa kazi. Ukitimiza miaka 30 daftari linasoma 9,562,000, na kati ya hizo ulizotoa mfukoni ni milioni 6.

Sasa tulete mpango wako. Weka pembeni kijana mwingine, fundi kama wewe, aliyeanza na 20 na anaendelea na elfu hamsini zake zilezile mpaka 60. Wewe umeanza na 30, unaweka laki moja. Elfu hamsini ya kwanza katika laki yako inafanana na ya mwenzako, zinafutana. Kinachobaki ni elfu hamsini yako ya pili, ambayo kwa mwaka ni 600,000, ikishindana na zile 9,562,000 alizokwisha kuzikusanya. Na hizo, mwaka wa kwanza tu baada ya 30, zinazaa 956,000. Umeliona pengo? Wewe unaongeza laki sita kwa jasho, yeye anaongezewa laki tisa na nusu akiwa amelala. Unaanza kufukuza gari ambalo tayari lina kasi kuliko yako, na kila mwaka kasi yake inapanda.

Mkifika 60, yeye ana milioni 265 na nusu. Wewe una milioni 197. Yeye katoa mfukoni milioni 24 kwa miaka arobaini, wewe umetoa milioni 36 kwa miaka thelathini. Umelipa milioni 12 zaidi, umepata milioni 68 pungufu. Ili mlingane, ungehitaji kuweka kama 134,500 kila mwezi, bila kukosa mwezi, tangu 30.

Na hapo nimekukubalia kwamba ukiwa na 30 utakuwa na laki ya kuweka. Mimi nilifika huo umri, najua kinachokusubiri: mahari, kodi ya fremu ya duka, ada ya chekechea, na mama yako huyo huyo atakuwa anahitaji dawa. Kwa hiyo nikapiga na hesabu ya tatu. Tuseme unaanza leo, unaweka elfu hamsini kwa miaka kumi, halafu ukifika 30 maisha yanakubana, huongezi hata shilingi moja tena, ila hugusi kilichomo. Ukifika 60 utakuta kama milioni 166 na laki nane. Aliyeanza na 30 akaweka elfu hamsini kwa miaka thelathini mizima atakuwa na milioni 98 na laki saba. Milioni 6 zilizotoka mapema zimezishinda milioni 18 zilizochelewa.

Mpaka hapo mama yako anashinda. Lakini uliomba namba, na namba zina upande wa pili ambao wanaohubiri akiba hawapendi kuusema.

Yote haya yamesimama juu ya ile asilimia 10. Nilirudia hesabu kwa asilimia 3, kama pesa ingelala kwenye akaunti ya kawaida ya akiba. Aliyeanza na 20 anapata milioni 45. Wewe na laki yako, uliyeanza na 30, unapata milioni 57. Umemshinda! Sababu ni ileile ya gari: kwa asilimia 3, alichokusanya mwenzako mpaka 30 ni 6,878,000 tu, na zinazaa kama laki mbili kwa mwaka, wakati wewe unaongeza laki sita. Hapo unamfikia bila shida. Mpaka kati ya ushindi wako na wa mama nimeutafuta nikaupata kwenye asilimia 6 na robo hivi. Chini ya hapo mpango wako unashinda, juu ya hapo wa mama. Kwenye kibubu, au kwenye simu, wewe ndiye mwenye haki. Miaka kumi ya mwanzo haina thamani yenyewe, thamani inatokana na kinachozaliwa ndani yake.

Ndiyo maana simlaumu sana yule mimi wa ujana wangu. Nilikuwa na umri wako katikati ya miaka ya tisini, bei za vitu Tanzania zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na kuweka pesa benki ilikuwa kama kubeba maji kwa tenga. Tulinunua mabati tukayarundika nyuma ya nyumba, na tulikuwa na akili. Kosa langu ni kwamba mambo yalipotulia mwishoni mwa muongo ule mimi niliendelea kununua mabati. Nilianza kuweka kwa maana nikiwa na 34. Mengine usiniulize.

Siku hizi mfumuko wa bei umekaa miaka mingi kati ya asilimia 3 na 5 na kidogo. Nao unakula, usidanganyike na zile milioni 265. Tukichukua asilimia 4 kila mwaka kwa miaka arobaini, zitakuwa na nguvu ya kama milioni 55 za leo, na 197 zako ni kama milioni 41 za leo. Nyote mmepunguzwa kwa kipimo kilekile, aliyetangulia bado katangulia. Ila inakuambia jambo moja la kazi: hiyo elfu hamsini isibaki elfu hamsini. Ukipandisha bei ya kubadilisha kioo, pandisha na akiba.

Sasa asilimia 10 inapatikana wapi? Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zile za miaka 20 na 25 zinazouzwa na Benki Kuu, kwa miaka ya karibuni zimelipa zaidi ya hapo. Zina mambo mawili ya kuangalia. Zinaanzia shilingi milioni moja, ambayo kwa mwendo wako ni miezi ishirini. Halafu riba yake inaletwa kwenye akaunti yako ya benki kila miezi sita, na ikishaletwa hapo haizai tena mpaka uirudishe kazini mwenyewe. Nimeona watu wana hatifungani ya miaka 20 na riba yote wamekula nyama choma. Hao hesabu yangu ya juu haiwahusu, maana riba haikupata nafasi ya kuzaa riba.

Kwako wewe mlango ulio wazi leo ni mfuko wa pamoja, unaokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza, kama mifuko ya UTT AMIS: unanunua vipande, unaongeza kidogo kidogo, na kwenye mifuko isiyogawa gawio faida inabaki ndani ya bei ya kipande. Muulize mhudumu swali hilo moja kabla ya kujiunga: faida inabaki ndani au inagawiwa? Asilimia yake hakuna anayekuahidi, inapanda na kushuka, kwa hiyo kila Januari chukua bei ya kipande, linganisha na ya Januari iliyopita, uone kama bado uko juu ya ile sita na robo. Vikoba ni vizuri kwa mkopo wa haraka, lakini kikundi kikivunjwa Desemba na kugawana, hesabu yako inaanza upya kila Januari. Ukibaki nacho, siku ya mgao nenda moja kwa moja ukanunue vipande.

Kitakachokuangusha hakitakuwa asilimia, itakuwa kutoa. Tuseme una miaka 27, umeona pikipiki, ukachomoa milioni 3. Utajiambia umetoa milioni 3. Ukiwa na 60 umetoa milioni 69 na laki saba, maana zile tatu zilikuwa na miaka 33 ya kuzaa mbele yake. Kwa hiyo kabla ya kununua kipande cha kwanza, miezi mitatu ya kwanza jaza laki na nusu kwenye simu, na hiyo iite ya dharura: mama akiugua, mashine yako ya kuyeyushia risasi ikiungua. Ikitumika, unaijaza tena kabla ya kurudi kwenye vipande.

Na kama hiyo mashine unayotumia ni ya kuazima, basi nasimama upande wako kidogo. Kifaa cha 400,000 kikikuingizia hata 30,000 za ziada kwa mwezi, hiyo ni 360,000 kwa mwaka, na hakuna hatifungani itakayokupa hivyo. Nunua kifaa kwanza. Ila hizo 30,000 ziandike kwenye daftari tofauti, mwezi kwa mwezi, maana kifaa kisichoandikwa kinachokiingiza huwa hakijaingiza kitu. Nikija Mwanza nitaomba kuliona hilo daftari, na msalimie dada yangu, mwambie kashinda lakini kwa sharti.